Namna ya kumwomba tajiri wa mali kauli akusogezee tarehe moja ya malipo

Kabla sijafungua duka langu la vifaa vya ujenzi Kilosa, nilikaa miaka minne eneo la Gerezani, Kariakoo, nikitunza daftari la madeni la duka moja la jumla lililokuwa likitoa mali kauli, yaani mzigo wa kukopa kwa kuahidi siku ya kulipa. Kila Jumatatu asubuhi nilikuwa naandika orodha ya wateja wa mikoani ambao malipo yao yanaiva wiki ile, naipeleka kwa tajiri, naye anaitumia kupanga fedha zake: hii ya Kilosa italipa kiwandani, hii ya Mpwapwa italipa kodi ya kontena. Mteja akipiga simu kabla ya tarehe yake na kusema atachelewa, nilimwandika kwa kalamu ya bluu. Akipigiwa yeye baada ya tarehe kupita, kalamu ilikuwa nyekundu. Kiasi cha deni hakikubadilisha rangi, na sababu pia haikuibadilisha.

Sasa mimi ndiye niliyeko mkoani, na nimewahi kuomba kusogezewa tarehe mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu, ya pili ilikwenda vizuri. Nitaifuata hiyo ya pili hatua kwa hatua, na ile ya kwanza nitaigusa pale ilipo na funzo.

Fedha imechelewa, au haipo?

Swali hili lijibu peke yako dukani, milango ikiwa imefungwa, kabla hujamgusa mtu yeyote. Fedha iliyochelewa ina mahali ilipo. Unaweza kusema iko kwa nani, imekwama kwenye hatua gani, na nani anatakiwa kufanya nini ili itoke. Fedha isiyokuwepo ni ile uliyowakopesha mafundi ishirini mtaani ambao hakuna hata mmoja aliyekupa siku, au mzigo ambao bado umelala stoo.

Kama fedha haipo, usiombe wiki mbili. Wiki mbili zitapita na utarudi kuomba nyingine, na ombi la pili ndilo linaloua mali kauli. Hapo omba kulipa kwa awamu, au omba kurudisha sehemu ya mzigo, na mazungumzo yake ni mengine kabisa. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu mtu ambaye kwa kawaida analipa kwa wakati, amekwama kwenye malipo mamoja, na anajua amekwama wapi.

Mimi nilikwama hivi. Tarehe 15 Julai 2025 nilichukua Kariakoo bati 200 za geji 28 kwa shilingi 36,000 kila moja, na nondo 60 za milimita 12 kwa 24,000. Bati ni 7,200,000 na nondo 1,440,000, jumla 8,640,000. Tulikubaliana siku 30, kwa hiyo siku ya kulipa ilikuwa Alhamisi tarehe 14 Agosti. Mzigo wote niliuuza shule moja ya serikali iliyokuwa ikijenga madarasa, kwa 9,850,000. Walipokea, wakagonga mhuri kwenye hati ya kupokelea mzigo, na mimi nikaweka akilini kwamba fedha ya shule ndiyo itakayomlipa tajiri.

Alhamisi tarehe 7 Agosti mhasibu wa shule akanipigia. Hati ya malipo ilikuwa imerudishwa kutoka halmashauri, kwa sababu ankara yangu ilikuwa na jina la duka huku akaunti ya benki ikiwa na jina langu mimi. Kosa lilikuwa langu. Siku hiyohiyo nilitoa ankara upya, yenye jina lililoko kwenye akaunti na kwenye TIN, nikaambatanisha nakala ya leseni ya biashara na kuipeleka shuleni kwa bodaboda. Zilikuwa zimebaki siku saba, na siku iliyofuata ilikuwa Nane Nane, benki na ofisi zote zimefungwa.

Tafuta tarehe kabla ya kushika simu

Watu wengi wanapiga simu kwanza, halafu wanaulizwa "sasa lini?" na wanataja siku yoyote inayowajia mdomoni. Siku hiyo huwa karibu mno, kwa sababu mtu akiwa na aibu hutaja siku itakayomfurahisha anayemsikiliza.

Tarehe hutafutwa kwa yule unayemdai wewe, yaani kwa anayeshikilia fedha yako. Mhasibu wa shule nilimuuliza maswali matatu, na nakushauri uyaulize hivihivi. La kwanza: hati sasa iko mezani kwa nani? La pili: imebaki saini ya nani na ya nani? La tatu, ambalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote: hati ya mwisho ya namna hii iliyolipwa, ilichukua siku ngapi tangu ifike halmashauri mpaka fedha iingie benki?

Ona kwamba hakuna swali linalosema "mtanilipa lini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "wiki ijayo tu hapo", na hiyo ni faraja tu, huwezi kuihesabu. Mara ya kwanza nilipoomba kusogezewa tarehe, niliibeba faraja ya aina hiyo na kumpelekea tajiri kama ahadi yangu. Siku ikafika, hakuna kitu. Nikasogeza tena siku nne. Hakuna kitu. Kwa miezi mitano iliyofuata nilichukua mzigo kwa taslimu tu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Majibu ya mhasibu yalikuwa haya: hati inasubiri saini za kamati, kamati inakaa Jumanne tarehe 12, Jumatano tarehe 13 itapelekwa halmashauri, na ile ya mwisho ilichukua siku tano za kazi. Nikahesabu siku tano za kazi kuanzia Alhamisi tarehe 14, nikafika Jumatano tarehe 20. Hiyo ndiyo siku ambayo kila kitu kikienda sawa fedha inaingia. Usimpe tajiri siku hiyo. Nikaongeza siku tatu za kazi, kwa sababu saini moja tu ikisafiri kwenda semina mambo yanasogea, nikaangukia Jumatatu tarehe 25. Halafu nikaongeza siku moja ya mimi mwenyewe kuhamisha fedha. Jumanne tarehe 26 Agosti. Nilikuwa naomba siku 12.

Nyongeza ya siku tatu haiji na kanuni. Kwa mteja binafsi anayelipa kwa simu, siku moja inatosha. Kwa taasisi yenye saini zaidi ya mbili, chini ya tatu ni kujidanganya. Na epuka Ijumaa. Kitu chochote kikikwama Ijumaa mchana, tajiri anakaa na deni lako akilini mpaka Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya orodha.

Kuna hesabu moja inayosahaulika. Taasisi ya serikali ikinunua bidhaa inakata kodi ya zuio ya asilimia 2. Kwenye 9,850,000 ni shilingi 197,000, kwa hiyo kitakachoingia benki ni 9,653,000. Hiyo iliyokatwa haipotei, utaitumia kwenye hesabu yako ya kodi ukiwa na cheti chake, ila haitamlipa tajiri mwezi huu. Kwangu mimi bado ilitosha. Nimeona wenye faida nyembamba ambao kwa asilimia hizo 2 wanapungukiwa, na wanagundua siku ya kulipa.

Mguu wa pili

Hapa ndipo panapotenganisha tarehe ya kweli na matumaini. Jiulize: shule isipolipa mpaka tarehe 26, nitamlipa tajiri kwa nini? Kama jibu ni "kwa kweli sitakuwa nacho", bado huna tarehe, rudi nyuma utafute. Mguu mmoja ni ile fedha iliyokwama. Mguu wa pili ni fedha nyingine kabisa, ambayo haimtegemei yule aliyekukwamisha.

Kwanza nikaamua nitatanguliza kiasi gani siku ya awali, tarehe 14. Benki nilikuwa na 3,700,000. Ningeweza kukomba yote nikatuma, lakini duka lisilo na saruji wiki nzima haliuzi hata misumari, maana mteja anakwenda kwa jirani mwenye vyote. Nikabakiza 700,000 za kuzungusha saruji, nikatenga 3,000,000 za tajiri. Deni likabaki 5,640,000.

Kwa hiyo mguu wa pili ulitakiwa kubeba 5,640,000. Kwenye Saccos yetu nilikuwa na haki ya mkopo wa dharura wa 4,000,000, ambao hutoka ndani ya siku mbili za kazi. Pengo la 1,640,000 niliamua kulikusanya dukani: shilingi 150,000 kila jioni kuanzia Ijumaa tarehe 15 hadi Jumatatu tarehe 25, siku 11, inakuwa 1,650,000. Ningebana matumizi, na ningelipa riba ya Saccos kwa uchungu, lakini tajiri angelipwa tarehe 26 hata kama shule ingefungwa kabisa. Baada ya hesabu hiyo ndipo nilipokuwa na haki ya kusema neno "uhakika".

Kitu kimoja sikukiweka kwenye mguu wa pili: mikopo ya simu ya siku chache. Inakuja haraka, na inadai kabla hata hujamaliza kupumua. Ukiitumia kumlipa tajiri utakuwa umehamisha shida kutoka kwa mtu anayekufahamu kwenda kwa mtu asiyekufahamu.

Simu

Piga simu kwanza, maandishi baadaye. Meseji inayofika peke yake kuhusu kuchelewesha fedha inasomeka kama mtu anajificha. Na umpigie yule yule aliyekupa kauli. Ukimwambia kijana wa dukani au karani wa madeni kama nilivyokuwa mimi, ujumbe utafika umepinda. Nakumbuka nimewahi kumwambia tajiri "yule wa Mpwapwa anasema hana", wakati mtu wa watu alikuwa amesema atalipa nusu. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na simu nyingine mkononi.

Saa nayo ina maana. Kariakoo ikishachangamka, mwenye duka ana mteja wa taslimu mbele yake na wewe masikioni, na atakayepewa uso wa kukunja ni wewe. Nilipiga Jumamosi tarehe 9, saa mbili na robo asubuhi, wakati maduka yanafunguliwa na watu wanakunywa chai. Bado siku tano kabla ya tarehe, na kabla ya orodha ya Jumatatu.

Mazungumzo yalikuwa karibu hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za Kilosa?"

"Salama mzee, hapo nyumbani hawajambo?"

"Wazima."

"Mzee, nimepiga kwa ajili ya ule mzigo wa tarehe 15 Julai, wa bati na nondo. Alhamisi hii natakiwa nikulipe 8,640,000. Siku hiyo nitakulipa milioni tatu. Zinazobaki, 5,640,000, naomba unisogezee mpaka Jumanne tarehe 26 Agosti."

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, na hii ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Ukimya wa tajiri unakufanya utake kuujaza kwa maneno, na maneno hayo huwa ni maelezo ya ziada, malalamiko kuhusu hali ya biashara, au mbaya zaidi, tarehe ya karibu zaidi.

"Kumetokea nini?"

"Mzigo niliupeleka shule. Hati yao ya malipo imerudishwa kwa sababu ankara yangu ilikuwa na jina la duka, na akaunti ina jina langu. Ni kosa langu. Ankara mpya wameshaipokea juzi, Jumanne kamati inasaini."

"Wewe umeiuzia shule. Mimi nimekuuzia wewe."

"Ndiyo mzee, deni ni langu, si la shule. Ndiyo maana hiyo tarehe 26 sijaitegemeza kwa shule peke yake. Wasipolipa, nachukua Saccos nakulipa."

"Haya. Niandikie."

Simu nzima haikufika dakika tatu. Angalia mpangilio wake: kiasi na tarehe vilitangulia, sababu ikaja ilipoulizwa. Ukianza na sababu, tajiri anasikiliza hadithi huku anajiuliza "huyu anataka kuniambia hanilipi kabisa?" Mpaka unafika kwenye tarehe, ameshakasirika. Ukianza na kwamba milioni tatu zinakuja siku ileile, anasikiliza sababu akiwa ametulia.

Kuhusu sababu yenyewe, sentensi mbili au tatu zinatosha: nini kimetokea, kimesharekebishwa kiasi gani, nini kimebaki. Kama kosa ni lako, liseme. Usitafute sababu kubwa kuliko ile ya kweli. Kwa miaka minne ile Gerezani nilizika shangazi wa wateja kiasi kwamba nilianza kuandika pembeni ni shangazi wa ngapi. Msiba wa kweli unasikika na watu wanautambua. Msiba wa deni huja siku ya tarehe, saa kumi jioni, na aliyefiwa huwa hapokei simu kesho yake.

Mambo mawili yasiingie kwenye simu hii. Usiombe mzigo mwingine, hata kama umeishiwa na mteja amekusimamia dukani. Mzigo una simu yake, siku nyingine. Na usiseme "wiki ya mwisho wa mwezi" au "kwenye tarehe ishirini na kitu". "Inshallah" sema bila wasiwasi, mradi iwe imetanguliwa na siku, tarehe na kiasi.

Maandishi

Simu ikikatika tu, andika. Tajiri ana wateja mia, na ikifika Jumatatu atakumbuka kwamba ulipiga, lakini hatakumbuka kama ulisema 26 au 28. Nilituma WhatsApp hii, kwake na kwa mhasibu wake:

> Mzee shikamoo. Kama tulivyozungumza leo Jumamosi 9 Agosti:
> Mzigo wa 15 Julai, bati 200 na nondo 60, jumla 8,640,000. Tarehe ya kulipa ilikuwa Alhamisi 14 Agosti.
> Alhamisi 14 Agosti nitalipa 3,000,000.
> Jumanne 26 Agosti nitalipa 5,640,000 na deni litakuwa limekwisha.
> Sababu: hati ya malipo ya shule ilirudishwa kwa majina kutofanana. Ankara mpya wameipokea 7 Agosti.
> Nitalipa kwenye akaunti ileile ya duka. Alhamisi 21 Agosti nitakupigia kukueleza ilipofika.
> Naomba unijibu kama umekubali hivyo.

Akajibu "Sawa". Neno hilo moja linatosha, kwa sababu limekaa chini ya ujumbe wenye kila kitu. "Sawa" ya kwenye simu haina kitu chini yake.

Niliambatanisha picha mbili: hati ya kupokelea mzigo yenye mhuri wa shule, na ukurasa wa kwanza wa ankara mpya iliyosainiwa kupokelewa. Sikuombwa, lakini mhasibu anaposhawishika kwamba mzigo kweli umeuzwa na kuna anayedaiwa, anaacha kupiga simu kila siku. Hati za ndani za shule usizitume, na namba za akaunti zifunike. Hizo ni siri za mteja wako.

Ile ahadi ya kupiga simu tarehe 21 haikuwa adabu tu. Ilikuwa ndiyo siku yangu ya kukata shauri, kwa sababu Saccos inahitaji siku mbili za kazi. Nikingoja mpaka Jumatatu tarehe 25 kujua shule imelipa au la, mguu wa pili unakuwa umeshavunjika. Kwa hiyo ukishapata tarehe mpya, rudi nyuma kwa siku ambazo mguu wa pili unahitaji, ongeza moja, na hiyo siku iweke kengele kwenye simu.

Akiweka masharti

Tajiri wangu alikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimelipa mizigo sita mfululizo bila kelele. Wako anaweza kugoma kidogo. Jambo atakalolijaribu kwanza ni tarehe: "Fanya Ijumaa tarehe 22 basi." Utatamani kusema ndiyo. Usiseme. Hesabu yako ilikupa 26 na hakuna kilichobadilika tangu uipige. Mpe kitu kingine: "Mzee, 22 nitakuwa nakudanganya. Lakini Alhamisi naweza kuongeza laki tatu, ifike 3,300,000." Mwenye duka la jumla mara nyingi anachotaka ni kuona unatoa kitu, na laki tatu leo ni kitu, wakati Ijumaa ambayo haitafika si kitu.

Anaweza kutaka hundi ya tarehe ya mbele. Itoe tu kama ule mguu wa pili utakuwa umeshaingia kwenye akaunti hiyo kabla ya tarehe iliyoandikwa. Hundi ikirudi kwa akaunti kukosa fedha, benki inakukata ada, na mwenye nayo anaweza kuipeleka polisi. Deni la kauli mlilokuwa mnalizungumza kwa shikamoo na marahaba linakuwa kesi.

Akisema basi bei ipande kidogo, hesabu kwanza kama inazidi riba ya Saccos. Ikizidi, na mkopo wa Saccos pamoja na ulichonacho vinatosha kufunga deni, chukua Saccos sasa hivi, mlipe yote tarehe 14, na usiombe chochote. Na akikataa kabisa, shukuru, fanya hivyohivyo. Ana sababu zake ambazo hakuambii: pengine kuna kontena bandarini na kontroo namba ya kodi inayokaribia kuisha muda, na fedha yako ilikuwa imeshapangwa humo.

Kuanzia hapo mpaka deni lifungwe

Tarehe 14 nilituma milioni tatu saa nne asubuhi, nikapiga picha ya stakabadhi na kuituma pamoja na maneno "Zimebaki 5,640,000, Jumanne 26". Usingoje jioni. Ukishaomba kusogezewa, sehemu uliyoahidi kutanguliza ndiyo inayoangaliwa kwa macho mawili. Ikichelewa hata kwa nusu siku, ile tarehe nyingine inakuwa imekufa kabla ya kufika.

Kuwa mwangalifu na jambo moja. Katikati ya siku hizo ukipata ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita mhasibu mpya, akikupa namba nyingine ya kulipia, mpigie tajiri mwenyewe kwa namba uliyonayo siku zote. Watu wanajua mwenye deni huwa na haraka ya kulipa.

Kila jioni nilitenga zile 150,000. Siku mbili sikuzifikisha, nikafidia Jumamosi ya mnada. Alhamisi tarehe 21 asubuhi nilimpigia mhasibu wa shule: hati imepitishwa jana yake, inasubiri kulipwa. Imepitishwa, lakini haijaingia. Nikaenda Saccos nikajaza fomu ya mkopo wa dharura bila kuichukua fedha, halafu nikampigia tajiri kama nilivyoahidi. "Mzee, shule wameshapitisha, fedha bado. Saccos nimeshajaza fomu. Jumanne iko palepale." Akasema haya, akakata. Simu ya sekunde ishirini.

Ningejua siku hiyo kwamba miguu yote miwili imevunjika, ningemwambia siku hiyo hiyo, siku tano kabla, na ningetuma chochote kilichokuwa kwenye kile kibubu cha jioni. Lakini nisingeomba tarehe ya tatu. Ningemwomba anipangie awamu yeye, kwa sababu mimi ningekuwa nimeshakosa haki ya kutaja siku.

Fedha ya shule iliingia Ijumaa tarehe 22 jioni, 9,653,000 kama ilivyohesabiwa. Niliiona Jumamosi asubuhi, nikafuta fomu ya Saccos. Jumatatu tarehe 25, benki ilipofunguliwa, nilituma 5,640,000, siku moja kabla. Kuna wanaosema ikae mpaka tarehe yenyewe, kwa nini uwahi. Fedha iliyokaa kwenye akaunti ya duka hupata kazi nyingine, na mimi ninajifahamu.

Kisha nikamwomba mhasibu wa tajiri kitu ambacho wengi hawakiombi: picha ya ukurasa wangu kwenye daftari, ukionyesha salio sifuri kwa mzigo wa 15 Julai. Alipoituma nikaona yale malipo ya tarehe 14 ameyaandika kwenye mzigo mwingine wa mtu wa jina linalofanana na langu. Tulirekebisha siku hiyohiyo. Pembeni ya tarehe 26 kulikuwa na alama ndogo ya wino wa bluu.